Kipimajoto cha nyaya mbili na kiyoyozi cha duka langu la dawa Kisumu

Nina duka la dawa hapa Kisumu, na kiyoyozi cha BTU 12,000 kilichofungwa ukutani nyuma ya kaunta. Boksi nyingi za dawa zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30, kwa hiyo kiyoyozi kwangu ni kifaa cha kazi kama ilivyo friji ya chanjo. Kipimajoto ninachokieleza hapa nilikinunua Aprili mwaka jana kwa shilingi 1,800. Kina nyaya mbili ndefu zenye ncha za chuma, moja nyekundu na moja ya buluu, na kioo kinachoonyesha joto la kila ncha pamoja na unyevu wa hewa. Nimekitumia miezi kumi na sita sasa.

Kilichonisukuma kukinunua ni gesi. Mara mbili kabla ya hapo duka lilipokuwa la fukuto fundi alikuja, akaweka mkono mbele ya kiyoyozi, akasema, "Daktari, gesi imepungua, tuongeze." Nikalipa mara zote mbili. Ilipofika mara ya tatu, mvua za masika zikiwa zimeshika, nilimwomba asubiri siku mbili. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua kuna mahali inavuja. Kama ilikuwa inavuja, kwa nini hakuna aliyetafuta tundu?

Jambo lenyewe ninalolipima ni rahisi kulieleza. Hewa ya chumba huingia juu ya kiyoyozi, hupita kwenye koili baridi ya ndani, kisha hutoka chini ikiwa imepoa. Unapima joto lake inapoingia na inapotoka, halafu unatoa. Mafundi wengi hutarajia tofauti ya nyuzi 9 hadi 12 pale unyevu wa chumba unapokuwa wa wastani. Ubaya ni kwamba wengi wanaishia hapo: ikiwa chini ya 9, gesi imepungua, ikiwa juu ya 12, mashine ni nzima kabisa. Yote mawili yalinipotosha.

Kabla ya kuamini namba yoyote nilizitia ncha zote mbili kwenye glasi moja ya barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, nikakoroga na kungoja. Maji ya barafu husimama kwenye sifuri hapa kama yanavyosimama Mombasa. Maji yanayochemka hayafai kwa kazi hii, kwa sababu Kisumu iko mita zipatazo 1,130 juu ya bahari na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ncha ya buluu ilisoma 0.0 na nyekundu ikasoma 0.7. Kasoro ya nyuzi 0.7 ni ndogo ukipima joto la chumba, lakini ukitafuta tofauti kati ya namba mbili ni nyingi mno. Tangu siku hiyo naondoa 0.7 kwenye nyekundu kila ninapopima. Kwa kifaa kipya hilo lilinikera, ila kasoro yenyewe haijabadilika hadi leo, kwa hiyo naishi nayo.

Nyekundu naining'iniza juu, kwenye matundu ambako hewa huingia. Ya buluu naiweka mdomoni mwa kiyoyozi, katikati ya hewa inayotoka, bila kugusa plastiki wala koili. Feni naiweka kasi ya juu kabisa, rimoti nyuzi 16, kisha naacha dakika ishirini bila kugusa kitu. Kasi na mpangilio huo sibadilishi, maana namba ya leo ninataka kuilinganisha na ya miezi sita iliyopita.

Siku ile ya masika, saa tatu asubuhi, nilipata 27.0 juu baada ya kuondoa kasoro, na 19.2 chini. Tofauti ikawa 7.8. Kwa kanuni ya mafundi, hiyo ni ndogo, na nilikaribia kumpigia fundi aje na mtungi wake. Kilichonizuia ni ile namba nyingine kwenye kioo: unyevu asilimia 74.

Hewa ya Kisumu wakati wa masika imebeba maji mengi. Inapogusa koili, kiyoyozi hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kupoza hewa, na kugeuza mvuke kuwa maji. Kazi ya pili hula nguvu nyingi na haionekani kabisa kwenye kipimajoto. Inayoionyesha ni paipu ya maji inayotoka nje. Nilitega ndoo chini ya paipu kwa saa nzima, kisha nikayapima maji kwa chupa ya lita moja. Yalikuwa lita 2.4.

Kila lita moja ya mvuke inayogeuzwa maji kwa saa huchukua nguvu ya kupoza kama wati 680. Lita 2.4 ni wati 1,600 hivi. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kwenye karatasi kina wati 3,500 za kupoza, kwa hiyo karibu nusu ya nguvu yake ilikuwa ikitiririka ndani ya ndoo. Iliyobaki ndiyo iliyoshusha hewa nyuzi 7.8, na kwa unyevu ule tofauti ya 7 au 8 ni ya mashine iliyo salama. Nilimpigia fundi nikamwambia asije. Nilichofanya ni kufunga dirisha dogo la juu la stoo, lililokuwa wazi mchana na usiku likiingiza hewa ya ziwa.

Uthibitisho nilioutaka ulikuja Januari, jua likiwa kali na hewa kavu. Sikuongeza gesi, sikubadilisha chochote. Unyevu ulikuwa asilimia 52, juu 26.5, chini 15.6, tofauti 10.9. Ndoo ilipata lita moja tu kwa saa. Mashine ilikuwa ileile.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshajifunza kutoogopa namba ndogo. Namba kubwa ndiyo iliyonipotosha zaidi. Agosti mwaka huu nilipima nikapata tofauti ya 14.8, nikafurahi. Hewa iliyotoka ilikuwa baridi kuliko nilivyowahi kuiona, lakini kufikia saa nane mchana duka lilikuwa nyuzi 29 na msichana wa kaunta anajipepea kwa boksi. Chujio nilikuwa nimeliosha wiki ileile, kwa hiyo akilini mwangu uchafu haukuwemo.

Wakati wa kupima Januari nilikuwa nimegundisha kipande cha karatasi ya risiti, urefu wa kiganja, kwenye ukingo wa juu wa mdomo wa kiyoyozi, nione jinsi kinavyopeperuka. Siku hiyo ya Januari kilisimama karibu sawa na sakafu, kikipiga kelele. Agosti kilining'inia kikitikisika kidogo kwenye ncha tu. Hapo nikaelewa. Hewa iliyokuwa ikipita kwenye koili ilikuwa kidogo, na kwa kuwa ilipita polepole, ilipoa sana. Hewa kidogo yenye baridi kali haiwezi kubeba joto la chumba kizima. Ukizidisha kiasi cha hewa kwa tofauti ya nyuzi ndipo unapata kazi iliyofanyika, na mimi nilikuwa nikitazama upande mmoja wa hesabu.

Nilimwita fundi mwingine, kijana anayefanyia watu wa Milimani. Alimulika tochi ndani ya mdomo wa kiyoyozi akaniita nitazame. Feni ya ndani ni kama mrija mrefu wenye mapezi membamba mengi, na kila pezi lilikuwa limejaa ute mweusi wa vumbi na ukungu hadi mikunjo yake haionekani. Chujio halizuii vumbi laini, na hewa ya unyevu hulinasa humo. Aliifungua, akaiosha kwa mswaki na maji ya sabuni kwenye beseni, maji yakawa kama chai ya rangi. Koili pia akaipulizia. Nilipopima tena tofauti ilikuwa imeshuka kutoka 14.8 hadi 10.6, karatasi ikasimama kama Januari, na kufikia saa kumi duka lilikuwa nyuzi 25. Tofauti imepungua na duka limepoa zaidi. Angekuja yule fundi wa kwanza na kuongeza gesi, ingekuwa hasara juu ya hasara, kwa sababu gesi ikizidi nayo huiumiza kompresa.

Gesi iliyopungua kweli nimeiona mara moja, kwenye duka la jirani anayefanya M-Pesa. Tofauti kwake ilikuwa 3.5 tu, ingawa karatasi ilipeperuka vizuri na hewa siku hiyo ilikuwa kavu. Paipu yake ya maji ilikuwa haidondoki kabisa, na bomba jembamba la shaba, pale linapoungana na mashine ya nje, lilikuwa limefunga barafu. Fundi alipaka povu la sabuni kwenye nati, na povu likaanza kuchemka polepole upande mmoja, palepale palipokuwa na alama ya mafuta. Aliikaza upya, akavuta hewa yote kwa pampu, kisha akapima gesi mpya kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Kwa mara ya kwanza niliona gesi ikipimwa.

Tahadhari moja kwa wenye viyoyozi vya inveta. Dada yangu ana saluni Nakuru, na nilipompimia nilipata tofauti ya nyuzi 5, nikadhani mashine imekwisha. Kumbe rimoti ilikuwa kwenye 24 na saluni tayari ilikuwa 24, kwa hiyo kompresa ilikuwa imejipunguza mwendo. Tulipoiweka 16 na kufungua mlango joto liingie, baada ya dakika ishirini tofauti ilipanda hadi 11. Kipimo cha inveta iliyopunguza mwendo hakisemi lolote.

Kuhusu kifaa chenyewe: nyaya zina urefu wa kutosha kwa kiyoyozi cha ukutani, na joto husomwa haraka. Sehemu ya unyevu ni nzito, inahitaji dakika kumi kutulia, na usiishike mkononi kwa sababu jasho huipandisha. Betri nimebadilisha mara moja. Kile cha mwanga mwekundu cha kulenga kwa mbali, ambacho duka lilitaka kuniuzia kwanza, hakifai kwa kazi hii, kwa maana husoma joto la plastiki inayolengwa badala ya hewa.

Ubavuni mwa kiyoyozi nimegundisha kadi yenye safu nne: tarehe, unyevu, tofauti, na hali ya karatasi ya risiti. Sasa kila fundi anayekuja namwonyesha kadi hiyo kabla hajafungua begi lake.