PS4 Slim ya mtumba: diski chafu au draivu imechoka?

Habari zenu, karibuni tena mezani. Leo nina PS4 Slim iliyotumika, toleo lile la 2016, na kabla sijasema lolote naomba muisikilize. Naingiza diski ya gemu. Imeanza kuzunguka… imesita… tek, tek, tek… kimya. Kwenye skrini tunasoma Unrecognized Disc. Mwenyewe ameshaambiwa diski imekufa, anunue nyingine.

Tusikubali haraka hivyo. Naitoa diski, naiinamisha kwenye taa. Naona alama za vidole na mchubuko mmoja mwembamba. Nachukua kitambaa laini chenye unyevu kidogo, nafuta kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja. Usifute kwa kuzungusha, kwa sababu data imeandikwa kwa mzunguko, na ukikwaruza kufuata mzunguko huo unaharibu sehemu ndefu mfululizo. Na dawa ya meno msiipake, nawasihi. Kwenye diski ya Blu-ray data iko milimita 0.1 tu chini ya uso, na juu yake kuna utando mgumu wa kuilinda. Ukisugua unaondoa ulinzi wenyewe.

Narudisha. Tek, tek, tek. Bado. Sasa naiweka kwenye PS4 yangu ya pembeni, na gemu inafunguka bila shida. Diski yangu nzima nikiiweka kwenye hii Slim, inakataliwa vilevile. Hapo diski imeshatoka kwenye lawama. Ingekataliwa hiyo moja tu na nyingine zote zikasomwa, ningesema tatizo ni diski.

Kuna jaribio jingine ambalo wengi hawalijui. Naweka filamu ya DVD. Mnaona? Inacheza. Ndani ya draivu kuna leza mbili: nyekundu ya DVD, na nyingine, tunayoiita ya buluu, ya Blu-ray na gemu za PS4. DVD ikisomwa, mota inazungusha na diski inakaa sawa, kwa hiyo macho yote yanageukia lenzi na leza ya buluu. (Mashine ikikuomba uwashe kwanza huduma ya kucheza diski, iunganishe na intaneti.) Ile tek tek ni lenzi inayopanda na kushuka ikitafuta kuona vizuri, inashindwa, inarudia, mwisho inakata tamaa.

Ila leza ya buluu ndiyo inayosumbuliwa zaidi na vumbi, kwa hiyo tusafishe kabla ya kuihukumu. Nimechomoa waya wa umeme, nimefungua kifuniko cha draivu. Lenzi ni hii, kama punje ya dengu. Kijiti cha pamba, spiriti ya asilimia 99 tone moja, nagusa taratibu bila kukandamiza, naacha ikauke kabisa. Nimejaribu tena: DVD inacheza, gemu bado zinakataliwa. Hii leza ya buluu imechoka, inahitaji lenzi mpya inayokuja na leza yake. Kwenye PS4 za mwanzo kuna jambo la ziada: bodi ndogo ya draivu imefungamanishwa na bodi kuu ya mashine. Ukibadilisha draivu nzima bila kubaki na bodi yako ya zamani, haitasoma gemu.

Sasa kelele. Swali langu la kwanza huwa hili: diski ikiwa nje, kelele ipo? Kukwaruza kunakosikika diski ikiwa ndani tu ni diski inayogusa kitu, au haijakaa vizuri kwenye kitovu chake. Zima upesi, uitazame. Ukikuta duara kamili limechorwa kuzunguka diski nzima, hilo limechorwa na mashine, mkono wa mtu hauchori hivyo. Usiweke diski nyingine mpaka ifunguliwe.

Kelele ikibaki hata bila diski, kuna feni na hadidiski. Feni hupanda na kushuka kufuata joto. Hadidiski inayokufa hugonga kwa mpangilio, tik… tik… tik, huku menyu zinaganda, na siku nyingine unaletewa kosa la hadidiski, CE-34335-8. Kuhakikisha, zima na uchomoe umeme, toa kifuniko kidogo cha nyuma, fungua skrubu moja, vuta hadidiski, kisha washa. Mashine itagoma kuendelea, ni kawaida, wewe sikiliza tu. Kugonga kukikoma, umempata mhusika. Kama mashine ilikuwa bado inawaka, irudishe hadidiski na unakili seivu zako kwenye flashi leo hii, halafu ndiyo utafute hadidiski mpya ya inchi 2.5.

Hii Slim ningeinunua? Ndiyo, kama muuzaji atapunguza bei ya lenzi pamoja na ufundi, maana hadidiski yake iko kimya na feni ni nzima. Ukienda kununua ya kwako, beba diski moja ya gemu na DVD moja. Na gemu usiridhike ikitokea tu kwenye menyu. Acha inakili mpaka mwisho, kwa sababu leza dhaifu huanza vizuri kisha ikakwama njiani.