Uzoefu wangu: mwalimu wa hesabu wa WhatsApp na maswali yangu yaliyofutika

Narisiti Hisabati ya Kidato cha Nne. Mchana nashona nguo, usiku nikishalaza watoto nafungua bunda langu la mitihani ya miaka iliyopita. Bunda lenyewe nililinunua steshenari, na ni fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Kurasa nyingine zimepauka kama kitenge kilichoanikwa juani mwezi mzima, nyingine zina mkunjo uliopita katikati ya namba. Swali likinishinda huwa nalipiga picha na kulituma kwa huduma ya walimu wanaojibu kwa WhatsApp, shilingi elfu moja kwa swali. Nimeitumia miezi minne sasa. Nataka kueleza jambo moja tu kuhusu huduma hii, kwa sababu ndilo lililonifanya nihame kule nilikokuwa mwanzo: wanavyofanya swali lisiposomeka vizuri.

Kule nilikotoka (sitapataja) kulikuwa na mambo mawili. Ama uliambiwa "picha haionekani, tuma tena", ukatuma tena na ukalipa tena, wakati karatasi ni ileile na haitapona kwa kupigwa picha mara ya pili. Ama mwalimu alikisia kimyakimya akakuletea jibu safi kabisa la swali ambalo wewe hukuuliza. Hili la pili ndilo baya zaidi. Mtu anayejifunza hana namna ya kugundua. Nilikariri jibu moja wiki nzima kabla ya kugundua kwamba mwalimu alisoma 5 mahali palipoandikwa 6.

Swali langu la kwanza kwa hawa wapya lilikuwa mlinganyo wa kwadratiki, ule wenye x ya kipeo cha pili. Kwenye karatasi yangu ulionekana x², halafu kitu kama kistari, halafu 5x, halafu mkunjo wa karatasi, halafu 6 = 0. Alama iliyokuwa kabla ya 6 ilikuwa imeliwa yote na mkunjo.

Mwalimu alianza hivi: "Dada, nimesoma vizuri x², 5x na 6 = 0. Kabla ya 5x naona kutoa, ila sina uhakika. Kabla ya 6 sioni kitu kabisa. Kwa hiyo nachukulia kwanza kwamba ya mwanzo ni kutoa, na nitajibu kwa alama zote mbili za mwisho. Chini nitaongeza majibu kama ya mwanzo ni kujumlisha."

Kisha akafanya. Kama ni x² − 5x + 6 = 0, tunatafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata 6 na ukizijumlisha unapata −5. Ni −2 na −3, kwa hiyo mabano ni (x − 2)(x − 3), na x ni 2 au 3. Kama ni x² − 5x − 6 = 0, zao linakuwa −6 na jumla inabaki −5. Namba ni −6 na 1, mabano ni (x − 6)(x + 1), na x ni 6 au −1. Hizo mbili alizifanya hatua kwa hatua, na mwisho alirudisha kila jibu kwenye mlinganyo kuhakikisha unatoka sifuri. Zile mbili za chini aliweka majibu tu: x² + 5x + 6 inatoa −2 na −3, x² + 5x − 6 inatoa 1 na −6.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu. Mimi nilikuwa na mbinu yangu ya kizamani: swali likifutika, jaribu kila alama, ile inayovunjika vizuri kwenye mabano ndiyo sahihi, maana watunga mtihani hawapendi majibu ya ajabu. Mbinu hiyo husaidia mara nyingi. Ukiwa na x² na 7x na 12, alama ya 12 ikiwa kutoa hupati namba nzima, kwa hiyo unajua ni kujumlisha. Lakini 5 na 6 ni jozi yenye ujanja: mipangilio yote minne ya alama inakubali. Ningejaribu ya kwanza, ingevunjika, ningefurahi na kufunga daftari. Mwalimu aliniandikia hilo kwa sentensi moja, kwamba hapa uzuri wa jibu hautuambii chochote, na ndiyo sababu hakuchagua.

Akaongeza jinsi ya kuyatambua majibu bila kukariri: namba ya mwisho ikiwa na kujumlisha, majibu mawili yana alama moja, ikiwa na kutoa, moja ni chanya na jingine hasi. Kwa hiyo alama iliyoliwa na mkunjo ndiyo iliyokuwa inaamua hilo. Siku tatu baadaye nilipata nakala safi kwa mwenzangu wa darasa la jioni. Ilikuwa −5x na −6. Jibu nilikuwa nalo tayari, na sikulipa tena.

Nilimuuliza kwa nini alianza na kutoa ilhali alisema hana uhakika. Jibu lake nimelitumia tangu siku ile. Fotokopi iliyopauka hupoteza mistari, haiongezi. Alama ya kujumlisha ikipoteza mstari wake wa wima inabaki kama kutoa, lakini kutoa hakuwezi kuwa kujumlisha labda doa lianguke palepale. Kwa hiyo ukiona kujumlisha kwenye karatasi iliyopauka, amini. Ukiona kutoa, tia shaka kidogo. Vivyo hivyo 8 iliyopauka upande wa kushoto inageuka 3, lakini 3 haigeuki 8. Karatasi iliyokolea wino mno ni kinyume chake: hapo matundu yanazibika, na 3 au 6 inaweza kuonekana kama 8. Ndiyo maana huwa wanauliza karatasi nzima ikoje na hawatosheki na kipande ulichokata. Kwangu, kile kistari kilikuwa cheusi na kinene kuliko maandishi ya jirani, akaona dalili kwamba hakikupauka sana, akakiweka mbele bila kuzifuta zile nyingine.

Sasa nikosoe, maana si kila kitu asali.

Mwezi wa pili nilituma swali la riba. Mtu ameweka shilingi 200,000 benki kwa miaka 2. Kiwango kilikuwa 3% au 8%, sikuweza kusema. Na neno linaloeleza aina ya riba, kama ni riba rahisi au ni ile inayohesabiwa juu ya riba ya mwaka uliotangulia, lilikuwa limefutika pia. Mwalimu (safari hii mwingine, kuna kama watatu hivi) alifanya kazi kwa bidii. Riba rahisi kwa 3% ni 12,000. Kwa 8% ni 32,000. Riba juu ya riba kwa 3% ni 12,180, na kwa 8% ni 33,280. Majibu manne, yote yamekokotolewa vizuri, kila moja na dhana yake juu.

Nikashukuru, nikaanza kunakili. Nilipofika kipengele (b) cha swali lilelile, ambacho kilikuwa kwenye picha na kilisomeka bila shida, nikakuta kinasema alichukua riba yote, shilingi 32,000, akanunua mbegu za mahindi, kisha kinaendelea na maswali ya mbegu. Yaani jibu lilikuwa limelala pale chini. Namba ile moja ilimaliza utata wote: kiwango ni 8% na riba ni rahisi, kwa sababu katika yale majibu manne hakuna jingine linalotoa 32,000.

Nilimwandikia. "Mwalimu, samahani, mbona kipengele (b) kinasema 32,000?" Alinyamaza kama dakika kumi halafu akajibu, "Kweli kabisa dada. Nilikimbilia kuweka dhana kabla sijamaliza kusoma. Hapa hatukuhitaji dhana nne." Alinirudishia elfu yangu bila mimi kuomba, na hilo nimelihesabu. Lakini tatizo ninaliona kila mara kwa mwalimu huyo: swali likiwa na doa anatandika majibu kama muuza mitumba, chagua mwenyewe. Siku moja alinipa majibu sita kwa swali la pembetatu, na nilipomaliza kusoma nilikuwa nimesahau swali lilikuwa nini. Yule wa kwanza hafanyi hivyo. Yeye dhana zikizidi nne husema wazi kwamba hapa kukisia kumezidi, tafuta nakala nyingine, na hakutozi.

Kitu kingine anachofanya yule wa kwanza, na ninakipenda, ni kuniambia doa lisipokuwa na madhara. Nilimtumia swali jingine la riba, mwaka 1 tu, aina ya riba imefutika tena. Nilitarajia majibu mawili. Akaandika: "Kwa mwaka mmoja aina zote mbili zinatoa kitu kimoja, kwa sababu bado hakuna riba ya nyuma ya kuhesabia. Usihangaike na hilo neno." Shilingi 200,000 kwa 10% ni 20,000 hata ukiita riba hiyo jina gani. Miaka ikiwa 2 ndipo zinaachana, 40,000 kwa 42,000. Sekunde tano za kusoma, na usiku wangu ukaokoka.

Kwa upande wa kutuma: WhatsApp inabana picha ukiituma kama kawaida, na herufi ndogo zilizopauka ndizo zinazoumia kwanza. Mimi sasa naituma kama dokumenti. Naweka karatasi dirishani asubuhi, taa ya simu nimezima kwa sababu inaleta mng'ao juu ya mkunjo, na napiga ukurasa mzima. Chini ya picha naandika ninachokiona mimi: "hapa naona 3, inaweza kuwa 8". Nilipoanza kuandika hivyo majibu yalikuja mafupi zaidi, maana mwalimu haanzi tena kwa kuorodhesha alichosoma.

Usiku wanachelewa. Ukituma baada ya saa nne utajibiwa asubuhi, na mimi saa nne ndiyo kwanza naketi. Pia huwezi kuchagua mwalimu, unampata yule aliyepo. Nimeomba mara mbili nipewe yule wa kwanza, nikaambiwa utaratibu hauruhusu.

Nawapa nyota nne. Ya tano iko kwa yule mwenye majibu sita ya pembetatu, akianza kusoma swali hadi kipengele cha mwisho nitaileta mwenyewe.