Uzoefu wangu na Aseprite: kumtembeza mbeba ndoo kwa rangi tatu na fremu nne

Aseprite ni programu ya kompyuta ya kuchora michoro ya pikseli, na mimi niliinunua kwa kazi moja tu: kumtembeza mhusika wa gemu ndogo ninayoitengeneza. Mhusika mwenyewe ni binti aliyejitwisha ndoo ya maji, anaonekana kwa ubavu, anaelekea kulia. Kimo chake ni pikseli 24 na eneo lake la upana ni pikseli 16. Nitaieleza programu kupitia kazi hiyo, maana orodha ya vitufe kila mtu anaweza kuisoma mwenyewe.

Kwanza rangi. Nilifuata kanuni ya Game Boy, kifaa cha gemu cha mkononi cha mwaka 1989. Skrini yake ilikuwa na vivuli vinne vya rangi, lakini kwa wahusika wanaotembea kivuli kimoja kilihesabiwa kuwa tupu, ili mandhari ya nyuma ionekane kupitia hapo. Mhusika alibaki na vitatu. Kwenye Aseprite kanuni hii inakaa vizuri sana ukichagua `Indexed` unapofungua faili jipya. Katika hali hiyo kila pikseli haihifadhi rangi, inahifadhi namba ya rangi kwenye paleti, yaani orodha ya rangi za mchoro, na namba 0 ndiyo tupu. Kwa hiyo nilikuwa na namba 1 ya giza, namba 2 ya wastani na namba 3 nyeupe. Ngozi ni namba 2, kanga na mwanga wa ndoo ni namba 3, nywele na vivuli ni namba 1. Nikitaka tukio la usiku nabadilisha rangi hizo tatu kwenye paleti, na fremu zote zinabadilika papo hapo bila kuchora tena hata nukta moja. Kwangu mimi hiki ndicho kitu bora kuliko vyote kwenye programu hii.

Rangi tatu zinakulazimisha kuamua mambo mapema. Wanaoanza hupenda kumzungushia mhusika mstari mweusi pande zote. Kwa mguu wenye upana wa pikseli mbili, huo mstari ungekuwa mnene kama mguu wenyewe. Mimi sikuweka mstari kabisa kwenye miguu. Mguu wa karibu na mtazamaji nimeujaza namba 2 na wa mbali nimeujaza namba 1. Huu si urembo. Mtu akionekana kwa ubavu, umbo lake anapotanguliza mguu wa kulia linafanana karibu kabisa na anapotanguliza wa kushoto. Ukiipaka miguu yote rangi moja, jicho haliwezi kujua kama imebadilishana, na mwendo unageuka mtikisiko wa mkasi unaofunguka na kufunga.

Sasa mwendo. Mzunguko mmoja wa kutembea una hatua mbili, na kwa fremu chache unachora mapozi ya aina mbili tu. Kuna pozi la kukanyaga, ambapo miguu imeachana kabisa, na pozi la kupishana, ambapo mguu mmoja umesimama chini ya mwili na mwingine unaupita. Ukiyapanga yanakuwa kukanyaga, kupishana, kukanyaga kwa mguu wa pili, kupishana. Miguu ikiachana, nyonga hushuka. Mguu ukisimama wima, nyonga hupanda. Bila kupanda na kushuka huko, hata kwa pikseli moja, mhusika huonekana anaburutwa.

Hapo ndipo ndoo ilipoleta mjadala. Mtu aliyezoea kujitwisha maji hatikisi kichwa, na angetikisa, maji yangemwagika. Njia ya mkato ya kupandisha mchoro mzima pikseli moja kwenye fremu za kupishana haikufaa hapa, kwa sababu ndoo ingeruka juu na chini kama mpira. Nikahesabu safu upya. Katika pozi la kukanyaga, ndoo ina safu 5, kichwa 5, shingo 1, kiwiliwili pamoja na kanga 7, na miguu 6. Jumla 24. Katika pozi la kupishana miguu imenyooka, inakuwa 7, mabega yanapanda na kuimeza shingo, inakuwa 0. Jumla ni 24 vilevile. Mwili unapanda na kushuka, lakini ndoo na kichwa havitoki kwenye safu zao. Ukimtazama kwa ukubwa wake halisi huoni shingo ikipotea. Unachoona ni binti aliyezoea kubeba.

Kwa mpango huo, kichwa na ndoo nimeviweka kwenye tabaka lake peke yake, na fremu zote zinatumia mchoro uleule kwa amri ya `Link Cels`. Ukirekebisha jicho kwenye fremu ya kwanza, limerekebishwa kwenye zote. Kiwiliwili na miguu viko kwenye matabaka mengine. Mkono mmoja umeshika ndoo, hausogei, na huo wa pili unayumba kinyume na mguu wa upande wake.

Nilianza na fremu tatu. Aseprite inakuruhusu kuzipa fremu lebo na kuchagua zichezwe namna gani. Ukichagua `Ping-pong`, inacheza 1, 2, 3, kisha inarudi 2, halafu 1. Fremu ya 1 ikiwa kukanyaga, ya 2 kupishana na ya 3 kukanyaga kwa mguu wa pili, unapata mzunguko wa hatua mbili kwa michoro mitatu. Ni werevu, na kwa mhusika mdogo anayepita mbali kwenye skrini unatosha kabisa. Ila una uongo ndani yake. Kwenye kupishana kwa kwanza, mguu wa karibu ndio uliosimama na wa mbali umeinuliwa. Kwenye kupishana kwa pili inapaswa kuwa kinyume, lakini mchoro ni uleule, kwa hiyo mguu mmoja unainuliwa mara mbili na mwingine hauinuliwi kamwe. Ukiikuza picha mara nne unaiona wazi, na binti anaonekana ana kidonda unyayoni. Nikaongeza fremu ya nne. Ni nakala ya ya pili, isipokuwa pikseli chache za nyayo: wa karibu umeinuka, wa mbali umeshuka. Baada ya hapo lebo inachezwa kwa `Forward` tu.

Suala lililobaki ni kasi, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Kwenye pozi la kukanyaga, unyayo wa mbele uko pikseli 3 mbele ya mstari wa katikati ya mwili na wa nyuma uko pikseli 3 nyuma yake. Hatua moja basi ni pikseli 6, na mzunguko mzima ni 12. Kila fremu niliipa milisekunde 150, hivyo fremu nne zinachukua milisekunde 600. Pikseli 12 kwa sekunde 0.6 ni pikseli 20 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ambayo gemu lazima imsogeze mhusika. Ukimsogeza kwa 40 bila kugusa muda wa fremu, nyayo zinateleza, miguu ina mwendo wake na ardhi ina mwendo wake. Ama upunguze muda uwe milisekunde 75, ambapo atakuwa anaharakisha mno kwa mtu mwenye maji kichwani, ama urefushe hatua. Mimi niliiacha 20, ndoo ijae.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama mguu uliokanyaga umechorwa sawa. Ongeza tabaka la muda, weka nukta moja kwenye kisigino cha mguu uliosimama katika kila fremu, kisha pitia fremu moja moja. Nukta hiyo inapaswa kurudi nyuma kwa kiasi kilekile kila mara. Kwangu inatoka 3 mbele, inakuja katikati, inakwenda 3 nyuma. Ingekuwa 3, kisha 1 mbele, kisha 3 nyuma, ungeona hatua inayosita halafu kukurupuka.

Kifaa cha kuona fremu ya jirani kwa ukungu, kinachofunguka kwa `F3`, kinasaidia hapa, lakini kwa vivuli vitatu vinavyokaribiana ukungu wenyewe unachanganyika na mchoro usijue kipi ni kipi. Badilisha mpangilio wake uwe `Red/Blue Tint`, fremu iliyopita na ijayo zitofautiane rangi. Dirisha dogo la onyesho, `F7`, liache wazi muda wote kwa ukubwa wa kawaida. Makosa ya mwendo huonekana pale. Kwenye mchoro uliokuzwa unaona pikseli tu.

Kutoa kazi nje kuna mtego mmoja kwa wanaobaki na fremu tatu. Unachopata ni picha moja yenye fremu hizo tatu tu zikiwa zimepangwa pamoja, na habari ya kwenda na kurudi inakaa kwenye faili la data. Amri ni hii:

```
aseprite -b ndoo.aseprite --sheet ndoo.png --data ndoo.json --list-tags
```

Ukisahau `--list-tags`, lebo haziandikwi. Gemu itacheza 1, 2, 3, 1, 2, 3, yaani kutoka kukanyaga hadi kukanyaga bila kupishana katikati, na mhusika atachechemea. Ukimwona anachechemea baada ya kutoka, wakati ndani ya Aseprite alitembea vizuri, tafuta hapo kwanza. Kwa picha ya GIF ya kuwatumia rafiki zako, ikuze kwa namba nzima, mimi huikuza mara 8, la sivyo simu zitaikuza zenyewe na kuitia ukungu. GIF pia huhesabu muda kwa mafungu ya milisekunde 10, hivyo 150 inakaa sawa lakini 125 haiwezi.

Kasoro zipo. Haina toleo la simu, na kwa wengi wetu simu ndiyo kompyuta. Maandishi yake yenyewe ni ya pikseli na yanachosha macho, ingawa kwenye `Preferences` unaweza kuyakuza. Na bei ni dola 19.99. Unalipa mara moja, hakuna malipo ya kila mwezi, na baada ya hapo unafanya kazi bila mtandao. Msimbo wake uko wazi kusomwa, na unaruhusiwa kuijenga mwenyewe kwa matumizi yako binafsi, ila lazima uwe unajua kutumia CMake na Ninja, zana za kujenga programu kutoka kwenye msimbo, na kuipata maktaba ya michoro ya Skia. Asiye na hela wala subira hiyo achukue LibreSprite, iliyochipuka kutoka msimbo wa Aseprite kabla leseni haijabadilishwa mwaka 2016. Ni ya bure, na binti huyu mwenye fremu nne na rangi tatu angechoreka humo bila shida. Mimi nililipia, na ninatumia lebo, michoro iliyounganishwa na ile amri ya kutoa faili, ambayo sasa inajiendesha yenyewe kila ninapoijenga gemu upya.