Kijifriji cha waini kwa joto la Dar: nunua chenye kompresa, na kabla ya kulipa soma kibao cha nyuma

Hii mada nimeiandika kwa sababu ya meseji. Kila ikifika Januari hadi Machi naletewa malalamiko yaleyale, "dada nimenunua kijifriji cha waini, nimeseti 12, mbona mchana kinasoma 19?" Na mwingine anasema kijifriji kinaunguruma mchana kutwa hakipumziki, mwingine feni imekufa hata mwaka haujaisha. Nikiwauliza mmenunua kipi, karibu wote ni kitu kimoja, vile vyepesi vyenye mlango wa kioo na taa ya bluu, visivyo na kompresa. Kwa hiyo leo siongelei idadi ya chupa wala rangi wala shelfu za mbao, hayo utayaona mwenyewe dukani. Naongelea kitu ambacho muuzaji hatakuambia.

Vile vyepesi vinaitwa thamoelektriki. Ndani hakuna gesi wala kompresa, kuna kibamba kidogo kinachopitishwa umeme, upande mmoja unapoa na mwingine unapata moto, halafu feni inatoa lile joto nje. Shida ni kwamba hakiwezi kushusha joto hadi namba unayotaka wewe, kinashusha kutoka joto la chumba, digrii 10 mpaka 14 hivi, basi. Ulaya chumba kina 22 kwa hiyo 12 inafikika bila tabu. Sasa njoo Sinza mwezi wa pili, sebule saa tisa alasiri ina 32. Toa 13 unabaki na 19, na kitazunguka hivyo hivyo bila kupumzika, ndio maana feni zinakufa. Usiku chumba kikishuka 26 kinafika 13. Yaani kila siku ya Mungu waini yako inapanda 19 na kushuka 13, umelipa hela nyingi ununue kupanda na kushuka.

Na huko kupanda na kushuka ndio kunaua. Waini ikipata joto inatanuka. Chukua chupa ya mililita 750 iliyokuwa na digrii 13, iache chumbani hadi ifike 33, inaongezeka kama mililita 4 hivi, na nafasi iliyopo chini ya kizibo ni sentimita moja na nusu tu, nayo inabeba kiasi hichohicho. Ile hewa iliyomo inabanwa, inasukuma kizibo, na waini inatafuta njia pembeni. Ikipoa inajikunja, inavuta hewa ya nje kuingia ndani. Mara moja haina neno kubwa, ila kila siku kwa miezi, oksijeni inaingia kidogo kidogo. Hiyo ni mbali na joto lenyewe, kwa sababu hata chupa ya kizibo cha kuzungusha ambayo haivuti hewa kirahisi, ikikaa kwenye 30 inazeeka haraka mno.

Utajuaje yako imeshaharibika? Pitisha kidole juu ya foili, kizibo kikiwa kimeinuka kidogo au foili inanata na haizunguki, imevuja. Ukifungua angalia ubavu wa kizibo, ukiona mstari wa waini umepanda mpaka juu, hiyo ilishasukumwa. Nyeupe inageuka rangi ya dhahabu ya kahawia, nyekundu inakuwa na ladha ya jamu iliyopikwa, harufu ya tunda bichi inapotea kabisa. Watu wanalaumu waini ya Dodoma au ya Afrika Kusini kumbe imepikwa kabatini kwao.

Kuna wale wanaoniambia mimi naweka chumbani, kuna AC. AC unawasha saa nne usiku inafika 22, asubuhi unazima unaenda kazini, mchana chumba kinarudi 31. Chupa inachukua masaa kadhaa kufuata joto la chumba, na mchana mzima unatosha kabisa. Kama AC haikai masaa 24, ni afadhali kabati la chini kwenye korido ambayo haipigwi jua, joto lake liko juu lakini halirukiruki, na waini hiyo uinywe mapema.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni kijifriji cha waini chenye kompresa, na mimi nasema wazi napenda Liebherr. Ni ghali, silifichi hilo, ila namba unayoiseti ndiyo inayokaa, na wanaandika waziwazi daraja la hali ya hewa. Hapo ndipo ninapotaka msome vizuri. Kwenye kibao cha nyuma au ndani pembeni kuna herufi. N maana yake kimetengenezwa kwa chumba kisichozidi digrii 32, ST mwisho 38, T mwisho 43. Dar jikoni moto ukiwa unawaka joto linapita 32 kirahisi kwa hiyo N peke yake usichukue, hata kikiwa na kompresa, hata kikiwa na jina kubwa. Za Liebherr nyingi za waini zinaandikwa SN-ST, yaani mwisho wake ni ule wa ST, 38, hiyo inatosha, ila soma kibao cha ileile unayobeba. Seti 13, acha nafasi nyuma ipumue, weka friji gadi. Sehemu zilizobaki tupu jaza chupa za maji, umeme ukikatika zile chupa zinashikilia ubaridi, joto linapanda polepole.

Namba mbili itawashangaza wengi, friji ndogo ya kawaida ya kompresa, halafu unaichomeka kwenye kifaa cha kudhibiti joto cha nje kama Inkbird ITC-308. Kihisio unakitumbukiza kwenye chupa ya maji iliyo katikati ya friji, unaseti 13, tofauti digrii 1, na ucheleweshaji wa kompresa dakika 5 ili isiwake na kuzima ovyo. Friji yenyewe unaacha kwenye ubaridi wa juu kabisa, kifaa ndicho kinachokata umeme. Haina urembo, ila kwa bei yake inakishinda kile cha kioo na taa ya bluu mbali kabisa.

Friji ya jikoni, sawa kwa wiki kadhaa, isizidi miezi miwili hivi, kule ndani ni pakavu na kizibo kinakauka. Boksi la stairofomu linapunguza mruko wa joto tu, halipozi. Thamoelektriki namba ya mwisho, kwa mtu wa Arusha au Iringa pengine, wa pwani hapana.

Kinachoniuma ni wauzaji. Ukiuliza ina kompresa? anakujibu "inapoza vizuri sana dada". Hajajibu. Wengine wamekibandika stika ya bei juu ya kibao, na bei yenyewe inakaribia ya friji nzima ya familia. Wewe kiinue kwanza, chenye kompresa ni kizito na kwa nyuma chini utaona lile dude jeusi la mviringo. Kwenye kibao tafuta gesi, kama R600a na gramu zake. Hakuna gesi iliyoandikwa, hakuna kompresa. Na usikubali kijaribiwe pale dukani kwenye AC, maana kwenye chumba cha 22 vyote vinafika 12. Mwambie aandike kwenye risiti "kina kompresa, daraja ST au T", akikataa ondoka.