Kumchagua mapema au kumkuza polepole?

Pale Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, mtoto wa miaka 13 akishinda mita 800 kwa mbali, kocha wa njia ya kwanza, ya kuchagua mapema, humchukua na kumkimbiza mbio hizohizo kila siku. Mimi huuliza kwanza: amebalehe mapema? Wenzake wakirefuka, pengo lile mara nyingi huyeyuka.

Njia ya pili humwacha acheze mpira, aruke, arushe tufe hadi miaka 15 hivi, huku kimo kikipimwa kila miezi 3. Akirefuka ghafla, mazoezi hupunguzwa, maana chini ya goti, kano inaposhika mfupa, bado ni laini. Pabonyeze, akishtuka kwa maumivu, aache kuruka kwanza. Naichagua hii, ingawa mshindi wake huchelewa kuonekana.