Fundi aliyenicheka nilipouliza habari za chuma za X, na shedi yangu ya korosho iliyolala

Jana nimepita njia ya Mikindani nikamwona yule fundi anapandisha shedi nyingine, fremu zimeshasimama, bati zinaanza kupigwa, na zile chuma za mshazari zinazopishana kama X hata moja hakuna. Nikasema leo naandika, nimekaa kimya vya kutosha.

Mimi nina shedi Mtwara hapa, naweka korosho, msimu ukiisha naweka ufuta kidogo. Upana mita 12, urefu mita 20, fremu tano za chuma kila baada ya mita 5, nguzo mita 4. Hakuna nguzo katikati, lori linaingia linageuka. Hiyo ndiyo raha ya shedi za aina hii na ndiyo maana niliitaka.

Ilipokuwa inajengwa nilimuuliza, mbona zile chuma za mshazari za ukutani na za juu ya paa sizioni, na kwenye karatasi ya bei umeandika bresingi? Akacheka mbele ya vijana wake, akasema "Mama we jua bei ya korosho, chuma niachie mimi. Hizo X ni urembo, zitakuzibia mlango wa lori." Vijana nao wakacheka. Nikanyamaza, maana kweli mimi sikuwa najua chuma. Hilo neno mpaka leo linanichoma kuliko hasara yenyewe.

Misimu miwili ikapita salama. Halafu ule mlango wa kusukuma ukaanza kukwama, vijana wanausukuma watatu. Nikadhani reli imejaa vumbi. Mvua ikaja, bati zikaanza kuvuja kwenye skrubu, nikapanda ngazi nikaangalia kwa macho yangu: matundu ya skrubu yamekuwa marefu kama tundu la kifungo, yote yamevutika upande mmoja. Hapo nikamwita mjomba, yeye kafanya kazi za chuma bandarini miaka mingi, sasa kastaafu. Hakusema kitu, akafunga nati kwenye uzi akaining'iniza juu ya nguzo kama timazi, chini ile nati ikawa mbali na nguzo sentimita 7. Nguzo ya mita 4, sentimita 7! Na zote tano zimeinama kuelekea upande mmoja, kwa urefu wa jengo, upande ule upepo wa kusi unakoelekea.

Sasa nataka niwe mkweli hapa maana hasira isinifanye niseme uongo. Mjomba alizikagua fremu zenyewe akasema kazi ya kuchomelea ni safi. Akanieleza hivi. Uzito wa paa unataka kuibonyeza katikati rafta, ile chuma ya paa inayotoka nguzo hii hadi nguzo ya ng'ambo, na rafta ikibonyea inasukuma vichwa vya nguzo kwenda nje. Kama pembe ya rafta na nguzo imekazwa sawasawa, rafta haiwezi kupinda bila nguzo nayo kupinda, kwa hiyo mzigo wanagawana, katikati ya rafta panapumua na nguzo inabeba sehemu yake. Ndiyo maana pale kwenye pembe, ambapo nguvu ya kupinda inakuwa kubwa kuliko pote, wanaongeza kile kipande cha pembetatu chini ya rafta, na ndiyo maana miguu ya nguzo inasukuma zege kwenda nje na msingi lazima uwe wa maana. Pembe hiyohiyo ngumu ndiyo inayozuia fremu isiyumbe upepo ukipiga ubavuni. Yote hayo yangu yalikuwa vizuri, bolti zimekaza, pembetatu ipo. Kwa hiyo nikaanza kumwonea huruma fundi, nikasema labda kasahau tu.

Lakini huo ugumu wote ni wa kwa upana. Kwa urefu hakuna kitu! Nguzo ya H ukiisukuma upande wake mwembamba ni kama rula. Mguuni pana bolti nne zilizokaribiana, panageuka kama bawaba. Papi za chuma zinazounganisha fremu na fremu zimeshikwa na bolti mbilimbili, nazo zinazunguka. Mjomba akanionyesha mlango wa mbao wa jiko la jirani, ule wenye mbao mbili za kulala na moja ya mshazari, akasema ng'oa huo mshazari uone kama mlango hautalala. Shedi yangu ilikuwa mlango usio na mshazari. Misimu miwili ilisimama kwa sababu bati ndizo zilikuwa zinafanya kazi ya X, na skrubu ya bati haikuwekwa kwa kazi hiyo, ndiyo yale matundu.

Nikamuuliza upepo gani huo wa kusukuma chuma? Akanihesabia. Ukuta wa mbele wa shedi ni kama mita 58 za mraba. Upepo wa kilomita 90 kwa saa unabonyeza kama kilo 39 kila mita ya mraba. Nusu ya nguvu inashuka ardhini, nusu inapanda kwenye paa, hiyo nusu ni kama tani moja na kidogo, wanagawana kuta mbili, basi juu ya kila ukuta kama kilo 550. Ukiweka mshazari kwenye nafasi ya mita 5 kwa 4, chuma inakuwa na urefu wa mita 6.4 na inavutwa kwa kama kilo 700. Chuma ya duara ya milimita 16 inabeba hiyo bila shida na ina uzito wa kilo 10 hivi. Ukuta mmoja unataka mbili, maana chuma nyembamba inajua kuvuta tu, kusukuma haiwezi, upepo ukigeuka ile nyingine ndiyo inashika. Kuta mbili ni chuma nne. Kilo 40! Nimelaliwa shedi nzima kwa kilo 40 za chuma, ongeza za paani, na nilishazilipia.

Na ile habari ya mlango wa lori ni uongo, X si lazima ikae kwenye nafasi yenye mlango, unaihamishia nafasi nyingine, ila ya ukutani na ya paani zikae nafasi moja ili nguvu ya paa ishuke moja kwa moja mpaka kwenye zege.

Tuliinyoosha siku mbili. Kwanza tukaifunga kwa waya kila upande, mjomba hakuruhusu mtu aguse nati kabla ya hapo. Tukalegeza skrubu za bati, tukalegeza nati za miguuni, halafu tukavuta kwa chenibloku kutoka kichwa cha nguzo hii hadi mguu wa nguzo ya pili, kidogo kidogo, timazi inaning'inia muda wote. Nati ya mjomba ilipogusa ile alama ya chaki niliyoichora mwenyewe, nikalia.

Nilitaka niwaambie fundi huyu msimpe kazi kabisa. Halafu nakumbuka zile pembe nasema hapana, kuchomelea anajua, mpeni ila simameni naye. Halafu nakumbuka kile kicheko. Hapana, msimpe.

Wiki iliyopita alinipigia, anadai salio lake. Nikamwambia njoo na timazi yako tupime pamoja kwenye alama ya chaki, bado ipo. Hajaja.