Uzoefu wangu na karatasi ya maswali ya pembe: pembetatu na mistari sambamba, ile yenye sehemu ya kuhakiki majibu

Nimeitumia hii karatasi na vijana nnaowafundisha jioni na nataka niseme kitu kimoja hasa, ile sehemu ya "hakiki jibu lako" iliyo chini ya kila swali, maana ndo kitu kinachoitofautisha na makaratasi mengine yote ya pembe niliyowahi kupakua. Maswali yenyewe ni yale yale tuliyoyazoea, pembetatu imebanwa katikati ya mistari miwili sambamba, umepewa pembe mbili tatu, tafuta zilizobaki. Hayo siyasemi sana. Ila kwenye kuhakiki jamaa aliyeandaa kafikiria.

Iko hivi. Watoto wengi ukiwaambia hakikisha jibu lako wanajumlisha pembe tatu za pembetatu wakiona 180 wanafunga daftari. Sasa kama hiyo pembe ya tatu umeipata kwa kutoa kwenye 180, ukijumlisha lazima irudi 180, hata kama zile mbili za kwanza umezikosea kabisa! Hapo hujahakiki chochote, umerudia hesabu ile ile kwa kurudi nyuma. Hii karatasi inakataa hiyo, inakulazimisha uhakiki kwa njia ambayo hukuitumia kutafuta jibu. Ukitumia jumla ya pembetatu kutafuta, uhakiki kwa mistari sambamba. Ukitumia sambamba, uhakiki kwa pembe ya nje au kwa jumla.

Swali nnalolipenda zaidi ni hili. Pembetatu ABC, juu yake kwenye kona A umepita mstari DE ulio sambamba na BC, D iko kushoto na E kulia, B kushoto na C kulia. Pembe DAB ni 2x + 10, pembe BAC ni x + 5, pembe EAC ni 3x − 15. Tafuta pembe zote za pembetatu. Hizo tatu ziko kwenye mstari mmoja ulionyooka kwahiyo zinajumlika 180, ukikusanya unapata 6x = 180, x ni 30. Basi DAB ni 70, BAC ni 35, EAC ni 75. Mpaka hapo karibu kila mtu anafika salama.

Ugumu unaanzia kushusha zile pembe chini. DAB na pembe ya B zinatengeneza ile Z kwahiyo B ni 70, na EAC inaenda kwa C kwa Z ya upande wa pili, C ni 75. Jumla 70 + 75 + 35 = 180, safi. Lakini kuna mtoto anavuka, anaandika B ni 75 na C ni 70 kwasababu kaona Z vibaya, alafu anajumlisha, anapata 180 vilevile!! Ukimwambia kakosa anabisha na ana haki ya kubisha maana hesabu imekubali. Kubadilishana nafasi hakubadilishi jumla, hivyo kipimo cha 180 hakiwezi kumkamata hata ajumlishe mara ngapi.

Karatasi inamwambia atumie zile pembe mbili za ndani zilizo upande mmoja wa mstari unaokata sambamba, zile za umbo la U, ambazo lazima zijumlike 180. Chukua mstari AC. Juu yake kushoto kuna pembe DAC yote, yaani 70 + 35 = 105. Chini kuna pembe ya C. Kama C ni 75, 105 + 75 = 180, imekaa. Kama kaandika 70 inakuja 175 na hapo mtoto anashtuka mwenyewe bila mwalimu kusema neno. Nimeona hii ikitokea mbele yangu, kijana kafuta B na C akaziandika upya kimya kimya, na swali lililofuata akaanza kwa kuchora Z kwa penseli ya rangi kabla ya kuandika namba yoyote.

Sasa kasoro, na ni kubwa kidogo. Kuna swali la pembetatu PQR, S iko juu ya PQ na T juu ya PR, ST sambamba na QR. Wamekupa P = 48, PST = 62, na pembe ya R = 72, utafute PTS. Ukienda kwa pembetatu ndogo ya juu, 180 − 48 − 62 = 70. Ukienda kwa F, PTS na R zimekaa nafasi moja kwenye mistari sambamba kwahiyo PTS = 72. Majibu mawili kwa pembe moja! Na ukiangalia pembetatu kubwa, pembe ya Q inakuwa 62 kwa F hiyo hiyo, 48 + 62 + 72 ni 182, yaani pembetatu hiyo haipo duniani. Karatasi ya majibu imeandika 70 tu. Aliyetunga aliongeza data isiyohitajika na hakuipima. Kijana mmoja akaniita "ticha mbona hapa zinagoma?" na nikafurahi sana kwasababu ni mazoea ya kuhakiki waliyoyajenga kwenye maswali ya juu ndo yalimuonyesha. Dawa ni kubadilisha hiyo 72 iwe 70 au kuifuta kabisa kabla hujachapa.

Kitu kingine ambacho hawakukiweka na mimi nnakiongeza kwa mkono, kwenye maswali ya x jumla inaweza kutoka 180 na bado jibu likawa bovu. Mfano nliowapa ni pembe 4x + 20, 3x + 10 na x − 30. Zinakuja 8x = 180, x ni 22.5, pembe zinakuwa 110, 77.5 na −7.5. Jumlisha, 180 kamili, lakini pembe ya hasi ndani ya pembetatu hakuna. Kwahiyo ukishapata x rudisha kwenye kila pembe, uone kila moja ni zaidi ya 0, ndo uende kwenye uhakiki mwingine.

Kuhusu kuchapa, usibane kurasa mbili kwenye karatasi moja. Vile vimshale vya kuonyesha mistari ni sambamba ni vidogo mno vinapotea, na bila vimshale mwanafunzi hana ruhusa ya kutumia Z wala F wala U hata kama mistari inaonekana sambamba kwa macho, na kuna swali moja makusudi kabisa mistari haina vimshale, likichanganyika na yaliyofutika kwa printa hakuna atakayejua lipi ni lipi. Pia michoro haijachorwa kwa vipimo halisi, wamesema juu kabisa, kwahiyo kipimapembe weka kabatini.

Nawapa nyota 4. Wakirekebisha lile swali la PQR ntarudi kuongeza ya 5, na kwa darasa ambalo tayari linajua Z, F na U ila majibu yanakuja yamevukana, hii ndo karatasi ya kuchukua.